Chapati, gesi na uchovu: ni siliaki au tumbo tu halipatani na ngano?

"Nilisoma mahali eti ngano inamletea gesi, kuharisha na uchovu mwenye siliaki tu, mwenye sensitiviti ya kawaida hapati. Mbona mimi nikila chapati mbili tumbo linakuwa ngoma, na nimepimwa siliaki sina?" (Msomaji, Tanga)

Aliyeandika hivyo kakosea, maana mwenye sensitiviti naye anajaa gesi, anaharisha na anachoka, tena wapo wanaolalamika kuliko hao wa siliaki. Ukiwaweka wawili kwenye benchi moja wakusimulie matumbo yao huwezi kujua nani ni nani, hata mimi niliyezoea kazi hii siwezi. Tofauti iko ndani. Kwa mwenye siliaki, akila gluteni ambayo ni protini ya ngano, kinga ya mwili inaushambulia utumbo mpaka unaharibika, ila kwa mtu kama wewe utumbo ni mzima kabisa, kuna kitu tu kwenye ngano kinausumbua.

Na hicho kitu mara nyingi wala sio gluteni! Ngano ina aina ya sukari inaitwa fruktani na binadamu hatuna kimeng'enya cha kuikata, wewe huna na mimi sina, kwa hiyo inapita utumbo mwembamba ikiwa nzima huku inavuta maji njiani, ikifika utumbo mpana bakteria wanaichachua kama hamira inavyofanya kwenye unga wa mandazi, na gesi ndo hiyo. Hii inamtokea kila mtu, shida ni kwamba kuna watu utumbo wao ni mwepesi wa kuhisi, gesi ambayo jirani yako hata haisikii wewe inakufanya ulegeze mkanda.

Mwaka 2018 watafiti wa Oslo walichukua watu 59 waliojitoa kwenye gluteni wenyewe na ambao hawana siliaki, wakawapa vitafunwa vinavyofanana, wiki moja vyenye gluteni, wiki nyingine vyenye fruktani, nyingine havina chochote, na mlaji haambiwi anakula kipi. Fruktani ndo iliwasumbua zaidi, gluteni haikuzidi kile kitafunwa kitupu. Sio kwamba kila mmoja alikuwa hivyo, kuna wachache gluteni iliwapiga kweli, ila wengi walikuwa wanaisingizia.

Sasa jiulize, hizo chapati ulikula na nini? Kitunguu maji na kitunguu saumu vina fruktani nyingi na gluteni havina hata chembe, halafu maharage yana sukari zake nyingine za kuleta gesi. Siku moja kula wali na mchuzi uliojaa vitunguu, siku nyingine kula chapati moja kavu na chai ya rangi. Kama wali wa vitunguu nao unakufanya ngoma basi ngano haikuwa peke yake kwenye kosa, na dawa yako ni kupunguza kipimo, huna haja ya kuikimbia maisha yote.

"Kwa nini siliaki inachosha hivyo? Mke wangu kaambiwa anayo, anaamka asubuhi kachoka kama aliyelima usiku kucha, na kuharisha kwenyewe ni mara moja moja tu." (Baba wa wawili, yuko Muscat)

Kaka, uchovu huo una njia yake, tuifuate toka mwanzo.

Gluteni ni protini ngumu kusagika. Vimeng'enya vya tumbo na kongosho vinaikata lakini vinashindwa kuimaliza, vinabaki vipande virefu, na hiyo ni kwangu, kwako na kwa shemeji pia. Kwetu sisi wengine vipande vinapita zake. Kwake yeye vikiingia kwenye ukuta wa utumbo vinakutana na kimeng'enya kinaitwa transiglutaminesi, kinavibadilisha kidogo, na mabadiliko hayo madogo ndo yanafanya vikae sawasawa kwenye kishikio kilichoko juu ya seli za kinga. Kishikio hicho mtu anazaliwa nacho, kwenye karatasi ya maabara utakiona kimeandikwa DQ2 au DQ8. Askari wa mwili wakiona kipande kimeshikwa hapo wanakihesabu ni adui, wanaanza vita, na vita inapiganwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kinachobomoka ni vile vijidole vidogo vidogo vilivyopanga utumbo mwembamba kwa ndani, ndivyo vinavyofyonza chakula. Chukulia taulo jipya lenye manyoya na taulo la miaka 10 lililolika, ukijifuta nalo maji yanabaki mwilini. Na uharibifu unakuwa mkali zaidi sehemu ya juu kabisa ya utumbo, pale pale chakula kinapotokea tumboni, ambapo ndipo madini ya chuma yanapofyonzwa. Ndo maana mtu anaweza asiharishe sana lakini damu inaisha taratibu, na damu ikipungua uchovu ndo huo. Foliki asidi na kalsiamu navyo vinapungua.

Na kuharisha kunapokuja kunatokana na hilo hilo. Mafuta yasiyofyonzwa yanatoka na choo, unaona choo kinaelea, kinang'aa, kinanuka vibaya na kugoma kuondoka na maji. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vijidole, vikiliwa nacho kinaondoka, ghafla chai ya maziwa inaanza kumharisha mtu aliyeinywa toka utoto. Sukari hizo zikifika chini bakteria wanazichachua, gesi ileile ya yule mama wa Tanga, ila hapa imeletwa na ukuta uliobomoka.

Nilimhudumia mama mmoja wa miaka 34, hemoglobini ilikuwa 8.2, kameza vidonge vya chuma miezi 6 haijapanda hata nukta. Hedhi ya kawaida, minyoo hana, vidonda vya tumbo hana. Kila sehemu anaambiwa kula matembele, na matembele anakula kweli masikini! Baadae daktari mmoja akaandika kipimo cha damu kinaitwa `tTG-IgA`, majibu yakaja zaidi ya mara 10 ya kiwango, akapigwa endoskopi wakatoa vipande vya nyama ya utumbo, vijidole vimelala bapa. Gluteni ikakatwa, vidonge vilevile vikaendelea, baada ya miezi 4 hemoglobini ikawa 11.6. Dawa haikubadilika, mlango wa kuingilia ndo ulifunguka. Kwa hiyo shemeji apimwe hemoglobini, feritini inayoonesha akiba ya chuma, foliki asidi na vitamini D, na msitegemee apate nguvu wiki ya kwanza, kuharisha kunaweza kupungua ndani ya wiki chache ila utumbo wa mtu mzima kujijenga upya unachukua mwaka na wengine zaidi.

Uchovu wa sensitiviti hauendi hivyo. Unakuja na tumbo na kuondoka na tumbo, na damu ikipimwa iko vizuri. Kwa hiyo akija mtu anasema yeye ni sensitiviti tu lakini chuma iko chini, kapungua kilo bila sababu, au mtoto harefuki, hapo mimi siamini tena neno sensitiviti mpaka kipimo kirudi.

"Niliacha ngano miezi 3 nikapona kabisa. Nimeenda hospitali nipimwe siliaki, dokta anataka nirudie kula mkate wiki 6! Si kunitesa huku?" (Nairobi)

Ni mateso kweli ila dokta yuko sawa. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na kingamwili zinatengenezwa vita ikiwa inaendelea, ukiacha ngano vita inapoa, kingamwili zinashuka, vijidole vinaanza kuota, unapimwa unaambiwa huna kumbe unayo. Kawaida tunataka mtu ale gluteni kila siku, kwenye mlo zaidi ya mmoja, kwa wiki 6 hivi kabla ya kupima. Slaisi moja ya mkate ina gramu 2 za gluteni kwa makadirio, kwa hiyo slaisi mbili au chapati kwa siku inatosha, hulazimiki kujaza sahani. Ukizidiwa rudi kwake usiache kimyakimya, maana kuna kipimo cha jeni cha zile DQ2 na DQ8 ambacho hakijali umekula nini. Kikirudi huna hata moja basi siliaki karibu tunaifuta kabisa. Kikirudi unayo bado haijathibitisha kitu, watu wengi sana wanatembea nazo na hawaugui maisha yao yote.

Pia uliza kama wamepima `IgA` ya jumla, hiyo ni aina ya kingamwili ambayo kipimo cha damu cha siliaki kinaitegemea, kuna watu mwili wao hauitengenezi, kipimo cha kwanza kwao kitasema hakuna shida hata kama utumbo umeisha.

Na ile ya kupona ulipoacha haithibitishi siliaki, ukiacha ngano umeacha na fruktani zake pia.

"Mama mkwe anasema huo ni ugonjwa wa wazungu, mjukuu wake ana minyoo tu. Ana miaka 3, tumbo kubwa, mikono myembamba, anaharisha." (Dodoma)

Mama mkwe hajakosea kote. Kwa mtoto wa kwetu choo kinapimwa kwanza, hasa kijidudu cha utumbo kinaitwa giadia, maana giadia nayo inajaza gesi, inaharisha na inaweza kuvilaza vijidole vilevile. Utapiamlo, TB ya tumbo na VVU navyo viangaliwe. Ila hilo la wazungu aliache, kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuripotiwa ni kwa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, watoto kama 5 au 6 katika kila 100, wakati kwingi duniani ni kama 1 katika 100. Giadia ikitibiwa na hali haibadiliki, mwombe dokta `tTG-IgA`, na usimkatie mtoto ngano kabla. Mtoto aliyekonda hivyo apelekwe wiki hii, asisubiri.

"Ugali na uji vina gluteni? Na nikipika chapati za watoto?" (yule mama wa Tanga tena, kwa ajili ya dadake mwenye siliaki)

Mahindi, mchele, mtama, ulezi, mhogo, ndizi, viazi havina. Ngano na shayiri zinayo, kwa hiyo bia za kawaida nazo hapana. Tatizo letu ni mashine ya kusagia, ikitoka kusaga ngano ya mtu unga wako wa lishe unabeba mabaki. Kwa wewe mwenye sensitiviti hiyo vumbi haina neno. Kwa dadako ina neno, utafiti ulionesha miligramu 50 tu kwa siku kwa miezi 3 zinaharibu utumbo, hiyo ni sehemu moja ya 40 ya slaisi ya mkate, na anaweza asisikie chochote tumboni. Asage kwenye mashine isiyogusa ngano, chips zake zisikaangwe kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa, soya sosi asome kibandiko, na kikaango cha chapati kisiwe ndicho cha mayai yake.