Cheo cha LinkedIn hakifanani na cha kwenye sivii, nibadilishe kipi?

Swali: Wakubwa naombeni ushauri. Nimefanya mapokezi hoteli moja ya Kiwengwa, mwisho nikawa supavaiza. Meneja wetu alipoondoka nikashika kazi yake yote mpaka nimekuja kuacha, ila barua ya cheo sikupewa. LinkedIn nimejiandika Meneja wa Mapokezi, kwenye sivii nimeandika Supavaiza. Sasa nimeitwa intavyu hoteli ya Nungwi wiki ijayo na wametaka wadhamini wawili. Nibadilishe kipi?

Jibu:

Badilisha LinkedIn, tena leo, usingoje siku ya intavyu. Sivii yako iko sawa iwache kama ilivyo.

Miye nafanya kazi ofisi ya rasilimali watu kwenye hoteli za ukanda wa mashariki, na kupiga simu kuulizia watu ndo sehemu ya kazi yangu, kwa hivyo ntakwambia simu yenyewe inavyokwenda, mana wengi wanadhani naenda kuuliza "huyu kijana mzuri?" naambiwa mzuri, bas imekwisha. Sivyo. Nikipiga, anayepokea mara nyingi hata hakujui kwa sura, pengine kaanza kazi weye ushaondoka. Anachofanya anafungua faili lako au anaangalia kompyuta ya mishahara na ananisomea kilichomo, cheo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Hoteli nyingi kubwa hazisemi zaidi ya hapo, ndo utaratibu wao. Wakiwa wakarimu nauliza na moja zaidi, akitaka kurudi mtamchukua? Na mbele yangu wakati huo pana karatasi mbili, sivii yako na profaili yako nimeshaiprinti, na kalamu. Kila anachonisomea natia alama.

Sasa weka kesi yako hapo. Faili lao litasema supavaiza, sivii inasema supavaiza, LinkedIn inasema meneja. Kazi ya meneja uliifanya kweli, nakuamini, lakini miye niliyeko upande wa pili wa simu sina njia ya kulijua hilo, ninachokiona ni mtu aliyejipandisha cheo pahala ambapo alidhani hapana wa kukagua. Na hicho ndo kinachonikera kwenye kesi kama yako, kwamba umeshika idara nzima bila ya nyongeza wala barua halafu inakuja kukuharibia badala ya kukubeba, kwa sababu umeitia kwenye kisanduku sicho. Kwenye mstari wa cheo kinaingia kile kilichomo kwenye mkataba au barua yako ya mwisho ya kupandishwa. Kazi uliyoifanya inaingia chini yake, kwenye maelezo, na huko una nafasi ya kusema yote.

Ingekuwa mimi ningeandika hivi, miezi na idadi ni za mfano tu utatia zako:

> Supavaiza wa Mapokezi, Machi 2021 – Oktoba 2023. Kuanzia Juni 2023, baada ya meneja wa mapokezi kuondoka, nilishika majukumu yake nikiripoti moja kwa moja kwa meneja mkuu: kupanga zamu za watu 9, kupitia ripoti ya usiku kila asubuhi, kushughulikia malalamiko ya wageni na kuhudhuria kikao cha asubuhi cha wakuu wa idara.

Angalia hapo hapana neno hata moja la uongo na msomaji anaelewa kabisa kwamba huyu keshafanya umeneja. Sijaandika "Kaimu Meneja" kwa makusudi. Ukaimu ni kitu mtu anapewa, kwa barua au hata imeili ya meneja mkuu kwa wakuu wa idara kwamba fulani atakaimu, kama unayo hiyo imeili bas andika Kaimu na uitunze, kama huna andika ulishika majukumu. Na usiigawe ile kazi mara mbili kwenye Experience ukaweka supavaiza mpaka Mei halafu meneja kuanzia Juni, faili lao lina cheo kimoja mpaka siku ya mwisho. Ukishamaliza hapo panda juu kwenye Headline, mana nnaona watu wanasahihisha chini halafu kule juu chini ya jina lao bado pameandikwa meneja, na kile ndo kitu cha mwanzo mtu anakiona. Kabla ya kusevu zima Notify network ili usitangazie watu wote.

Kuna kijana mmoja tulimtaka sana upande wa chakula na vinywaji, kwenye intavyu alijibu vizuri kuliko wenzake wote. LinkedIn kaandika meneja msaidizi, sivii kaandika supavaiza, tukapiga alikotoka tukasomewa mhudumu wa mkahawa na tarehe ya kumaliza iko nyuma kuliko aliyoiandika kwa miezi kadhaa. Tulipomuuliza akatutolea beji yake ya kifuani, kweli imeandikwa supavaiza. Nikafahamu mara moja. Mahoteli haya hugawa beji kama karanga msimu ukiwa mkubwa ili mgeni aone anazungumza na mkubwa, lakini mkataba haubadilishwi wala mshahara haubadilishwi. Angeandika mhudumu, akaeleza kwamba msimu wa Julai na Agosti alikuwa akisimamia zamu ya jioni, tungemchukua, mana aliyekuwa bosi wake baadae alituthibitishia kweli alikuwa akisimamia. Lakini meneja mkuu keshasema hapana, kwa ile tarehe na vile vyeo vitatu tofauti.

Kwa hivyo pitia kila sentensi ya kwenye profaili ujiulize nani hasa akipigiwa simu atasema ndio. Zamu za watu 9, meneja mkuu anajua. Ripoti ya usiku, mhasibu anajua mana ndo mlikuwa mkikabidhiana. Lakini ile wengi wanaipenda, "nimeongeza mapato ya hoteli kwa 30%", nani atathibitisha? Mapato ya hoteli yanapandishwa na bei, na mawakala wa safari, na ndege zilizokuja mwaka ule, mtu wa mapokezi kaingia kidogo sana humo, na zaidi ni kwamba hesabu za mwajiri wako wa zamani si zako kuzitangaza. Ukitaka namba tia zile zinazoonyesha ukubwa wa kazi, hoteli ya vyumba vingapi, zamu ya watu wangapi. Hii inamsaidia hata aliyekuwa meneja kweli wa hoteli ya vyumba 12, aandike meneja wala asione haya, aseme tu ni vyumba 12, aliyesoma atajua uzito wake na hatohisi kapigwa changa la macho akija kugundua mwenyewe.

Jambo jengine ambalo watu wa hoteli hapa linawaponza bila ya kosa lao ni jina la mwajiri. Jina la kwenye kibao cha getini mara nyingi silo la kwenye mkataba, kampuni yenye hoteli ina jina lake, na hoteli yenyewe inaweza kubadilisha jina uendeshaji ukienda kwa kampuni nyengine. Na kuna walioajiriwa na wakala, anafanya kazi hotelini, anavaa sare ya hoteli, lakini mshahara na mkataba ni wa wakala. Huyo nikipiga hotelini naambiwa hatuna mtu huyo. Si muongo lakini miye naandika "hajulikani". Toa mkataba wako usome jina la juu, halafu kwenye sivii na LinkedIn andika yote mawili, jina la hoteli na jina la kampuni iliyokuajiri.

Tarehe nazo tia mwezi na mwaka pande zote mbili, ukiweka mwezi huku na kule mwaka peke yake zinaonekana hazifanani hata kama zinafanana. Kama mikataba yako ilikuwa ya msimu, hoteli ikifunga masika Aprili na Mei mnarudi nyumbani halafu mnasainiwa upya, sema ni ya msimu, usiivute ikawa miaka mfululizo. Na wengi wetu 2020 tulirudishwa majumbani korona ilipokata wageni, hapana mwajiri wa hoteli Zanzibar atakayekushangaa kwa pengo la mwaka ule. Ukiwa huna uhakika wa miezi yako, nenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ukaombe taarifa ya michango yako, utaona mwajiri alikuchangia kuanzia lini mpaka lini. Ila nayo si msahafu, wapo waajiri walioanza kuchangia kwa kuchelewa, kwa hivyo ilinganishe na mkataba na hati za mshahara.

Kuhusu wadhamini wawili, mmoja awe ofisi ya rasilimali watu ya hoteli ile, huyo atasoma faili na sasa faili litafanana na ulichoandika. Wa pili awe yule meneja mkuu uliyekuwa ukiripoti kwake, mana ndo peke yake anayeweza kuieleza ile miezi ambayo faili haliijui. Akiwa keshahamia hoteli nyengine au kesharudi kwao, hapana tatizo, andika cheo alichokuwa nacho wakati ule na alipo sasa. Lakini mpigie kwanza! Usimwambie tu "nimekuweka mdhamini," msomee ile sentensi yako ya Juni mpaka Oktoba umuulize, ukipigiwa utaweza kusema hivi? Akisema zamu nilikuwa nazipanga miye weye ulikuwa unazibandika tu, bas toa zamu. Bora akusahihishe yeye leo kuliko kunisahihisha miye wiki ijayo.

Na Nungwi huenda washaiona profaili ya zamani, au wameshaiprinti kama tunavyofanya sisi. Usinyamaze ukatumai hawajaona, na usingoje waulize. Ukipewa nafasi ya kujieleza mwanzoni sema, "Cheo changu kwenye mkataba kilikuwa supavaiza. Miezi ya mwisho nilifanya kazi za meneja bila ya barua, LinkedIn niliandika meneja na nimeshasahihisha. Meneja mkuu wa wakati ule ni mdhamini wangu, anaweza kukuelezeni." Halafu endelea na intavyu, usiombe radhi mara tatu.

Ile barua unaweza kuiomba hata sasa, si ya cheo, hiyo hawatokupa kwa kurudi nyuma, ni ya uthibitisho wa kazi. Mwandikie meneja mkuu aliyepo na nakala kwa ofisi ya rasilimali watu, taja cheo chako na tarehe zako, halafu omba iongezwe sentensi moja kwamba kuanzia mwezi fulani ulitekeleza majukumu ya umeneja wa mapokezi kwa kukosekana meneja. Mtumie sentensi yenyewe ishaandikwa ili asipate kazi ya kufikiri, na umuambatanishie imeili moja au mbili za wakati ule, kama zile za zamu ulizokuwa ukimpelekea meneja mkuu wa wakati ule, ili anayeandika awe na cha kushikilia.