Kubadilisha kichwa kwenye picha: nilichomwandikia mteja wangu

Juzi mama mmoja wa Ujiji kanitumia picha ya familia waliyopiga ufukweni jioni, anataka itoke bango la futi sita kwa nne. Katikati kasimama aliyekuwa mchumba wa binti yake, wameshaachana, sasa anasema mwili ubaki, kichwa kiwekwe cha kaka mkubwa aliyeko Tabora. Akamalizia kwamba kuna fundi atamfanyia kwa elfu tano. Hiyo ya elfu tano iliniuma jamani, bado inaniuma. Nikamwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Kazi naiweza, ila itaonekana ya kubandika. Picha ya kwenu jua linapiga kutoka upande wa ziwani, kila mtu shavu moja linang'aa na lingine lina kivuli. Ya kaka ni selfi ya saa saba mchana, jua utosini, kivuli kiko chini ya macho na pua. Nikiigeuza kushoto kulia haisaidii, kile kivuli cha chini kinabaki palepale.

La pili ni masikio. Selfi inapigwa simu ikiwa karibu na uso, pua inakuwa kubwa na masikio yanajificha nyuma. Wenzake walipigwa kutoka mbali kidogo, masikio yote yanaonekana. Rangi nitarekebisha, shingo nitaiunga, ila masikio ambayo kamera haikuyaona itabidi niyabuni, na wewe mama yake utajua tu siyo ya kwake. Halafu lile shati la kitenge la shemeji, nani Ujiji halijui?

Naomba kaka apige picha mpya, mwili mzima. Saa kumi na moja jioni, jua limpige upande uleule kama wenzake, mpigaji arudi nyuma hatua tano hivi, simu iwe usawa wa kifua. Aitume Wasapu kama faili, siyo kama picha, maana Wasapu inaikamua. Nitamtoa shemeji, niwasogeze watu, kaka nimweke pembeni mwa mstari, hapo sina shingo ya kuunga. Akishindwa, tumtengenezee fremu yake ndogo kwenye kona ya bango, kila mtu aone ni picha nyingine na hakuna anayedanganywa."

Sasa nyie vijana wenzangu wa dizaini, mnapokea advansi kabla hata hamjaikuza picha muone kivuli kiko wapi, halafu mnaanza kuhangaika na brashi usiku kucha. Angalia kivuli cha pua, angalia masikio, vikigombana mwambie mteja siku hiyohiyo, hata akikutajia wa elfu tano. Mimi bei yangu sikushusha na sitashusha.

Mama kajibu kwa voisi: kaka atapiga Jumamosi, ila nikishamuweka nimpunguze na kitambi. Hicho nakiweza.