Kuku wa kwenye daftari hawafi

Kama unapanga kufuga kuku wa nyama na umekuwa ukipanga kwa muda mrefu, jiulize: nilichojifunza wiki hii kimebadilisha idadi ya vifaranga nitakaoagiza, tarehe ya kuwaagiza, au mahali nitakapowaweka? Kama hakijagusa hata kimoja kati ya hivyo, mpango ulishakwisha. Unachofanya sasa ni kuahirisha, ila kinafanana sana na kazi.

Mimi hufuga hawa kuku, kwa hiyo ndugu na jirani huniletea hesabu zao nizikague. Mdogo wangu alikuja na jedwali la eksel lililopakwa rangi, lenye faida ya kuku 500 hadi mwaka wa tatu. Nikamuuliza anaanza lini.

"Bado nalinganisha bei za chakula, dada."

"Zinapishana kiasi gani?"

"Kama elfu moja kwa mfuko."

Tukapiga hesabu pale pale. Kuku wa nyama hula kilo tatu na ushee mpaka afike wiki tano. Kuku 50 wa kundi la kwanza watamaliza mifuko minne ya kilo 50, au pungufu kidogo. Kwa hiyo miezi yote ile alikuwa akiwinda shilingi elfu nne. Alicheka, lakini jedwali hakulifunga.

Namwelewa. Kuku wa kwenye daftari hawaugui, na mteja wa kwenye daftari halipi nusu akaahidi kumalizia Ijumaa. Tatizo ni kwamba mambo aliyoyaogopa ndiyo yale ambayo karatasi haiwezi kuyajibu: wangapi watakufa kwenye banda lake, muuza chipsi wa mtaani kwake atalipa vipi, na kama yeye mwenyewe ataamka usiku kuangalia jiko la mkaa la kuwapa vifaranga joto. Majibu hayo yapo kwa kundi la kwanza tu.

Nikampa jioni mbili, Alhamisi na Ijumaa. Kikomo hicho hatukukiandika kwenye kalenda, maana tarehe uliyojiwekea mwenyewe utaisogeza mwenyewe. Tulimpigia wakala wa vifaranga tukamwambia Jumamosi asubuhi tunaleta malipo ya awali ya nusu boksi, yaani vifaranga 50. Mtu mwingine akishakusubiri, na hela ikishatoka, mjadala unakwisha.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya joto na nafasi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji kama nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Kuku 50 waliokomaa wanataka mita tano za mraba, zikizidi kidogo ni heri. Akachagua chumba cha uani na jiko la mkaa lenye mahali pa kutolea moshi. Baada ya hapo tukaandika tarehe za chanjo tukihesabu tangu siku ya kuwapokea: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Wakala akikupa ratiba tofauti kidogo kulingana na chanjo walizopewa vifaranga kule walikototolewa, fuata yake.

Jioni ya pili tuliimaliza yote kwenye jambo moja, nalo ndilo ambalo jedwali lake lililifunika: fedha za chakula. Alikuwa amegawa gharama sawasawa kwa kila wiki. Kuku hali hivyo. Karibu theluthi mbili ya chakula chote huliwa wiki mbili za mwisho, na hapo ndipo wafugaji wengi wapya huishiwa. Wanaanza kupunja, kuku wanadumaa, na wanauzwa kwa hasara. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi alitakiwa awe na hela ya mifuko yote minne, si ya mfuko wa kwanza tu. Hakuwa nayo ya kutosha kwa kuku 100, na ndiyo maana tukabaki kwenye 50.

Kila wazo jipya lililojitokeza baada ya hapo, kama jina la biashara, mashine ya kunyonyoa au mkataba na hoteli, liliandikwa kwenye ukurasa wenye kichwa "Baada ya kundi la kwanza". Bila ukurasa huo, mtu huhisi anapoteza wazo zuri, akarudi kufungua mpango upya.

Jioni mbili zinatosha kwa sababu kosa kwenye kuku 50 linalipika. Ukitaka kukopa benki ujenge banda la kudumu, jipe wiki nne, uandike maswali yote siku ya kwanza, na wiki ya pili uwe tayari una vifaranga kwenye chumba cha uani. Watakujibu mengi kabla hujasaini mkopo.