Jina la bidhaa lisikiwe kabla halijachapwa

Ukianza kazi kwenye idara ya masoko, siku moja utakabidhiwa majina manne au matano ya bidhaa mpya, uhakikishe hakuna ambalo ni tusi huko litakakouzwa. Wengi hukimbilia kamusi. Kamusi peke yake haitoshi.

Chukua Pajero. Mitsubishi waliitoa mwaka 1982, jina wakalitoa kwa paka mwitu wa Amerika Kusini. Katika Kihispania rasmi, neno hilo laweza pia kuwa muuza nyasi kavu, wala halina ubaya. Lakini vijiweni, iwe Madrid au Buenos Aires, pajero ni mpiga punyeto. Ndiyo maana gari hilohilo liliuzwa Uhispania kwa jina la Montero.

Kwa hiyo tafuta watu, tena wanaoishi huko sasa hivi. Aliyehama miaka ishirini iliyopita hajui matusi ya vijana wa leo. Kwa kila lugha mimi hutaka wanne hivi wa rika tofauti, na kila mmoja namhoji peke yake, maana wakiwa pamoja huoneana haya. Kwanza nalisoma jina kwa sauti bila kumwonyesha maandishi, namuuliza, “Umesikia nini?” Kisha namwonyesha alisome mwenyewe. Hatua hii ya pili usiiruke, hasa jina likiwa na herufi na tarakimu. Toyota MR2 haina neno lolote ndani yake, ila Mfaransa akiitamka kwa lugha yake inakaribia sana neno la mavi. Ufaransa ikauzwa kama MR tu.

Akicheka halafu akasema “hamna kitu”, usiandike kwamba jina limepita. Muulize wenzake kazini wangelitania vipi. Hapo ndipo ukweli hutoka.

Lugha moja pia si soko moja. Buick walipoileta LaCrosse kwa mwaka 2005, Kanada waliiita Allure, kwa sababu mitaani Quebec neno LaCrosse lina maana ya punyeto. Mfaransa wa Paris angesikia fimbo ya mchezo tu. Nasi tuko vivyo hivyo: jina lililopita Dar es Salaam lipelekwe pia Mombasa, Nairobi kwa wanaozungumza Sheng, na Lubumbashi.

Mmoja kati ya wanne akikataa, pima alichokisikia. Kama ni tusi lenyewe, silabi kwa silabi, liondoe. Kama ni mfanano wa mbali, waongeze wahojiwa wengine kabla ya kuamua. Kubadili jina nchi moja tu kunawezekana: Hyundai Kona, iliyotoka 2017, Ureno inaitwa Kauai, kwa kuwa Kona inatamkwa kama tusi la sehemu za siri za mwanamke. Gharama yake ni nembo za nyuma ya gari, vitabu vya maelekezo na matangazo ya peke yake, na Mreno bado ataliona lile la kwanza kwenye matangazo ya nje.