Mpunga uliozama Rufiji mbona hauonekani kwenye rada?

"Ramani yangu ya setilaiti ya rada Sentinel-1 ya mafuriko ya Rufiji, Aprili 2024, inaonyesha maji wazi tu. Mashamba ya mpunga yako wapi?"

Umetafuta weusi peke yake, ndugu, yaani maji wazi, ambayo kwenye rada huonekana meusi. Mabua yakichomoza juu ya maji, mawimbi ya rada hugonga maji, yakagonga bua, yakarudi kwa nguvu. Shamba linang'aa badala ya kuwa jeusi. Linganisha na picha ya kabla ya mvua, ya njia ileile ya setilaiti, ukitafuta palipofifia na palipong'aa zaidi. Atakayekwambia utumie Sentinel-2 tu, setilaiti ya picha za kawaida, yuko sahihi nusu: mawingu ya masika yatakuziba, ila picha yake ya kiangazi itakusaidia kuondoa mabwawa ya kudumu. Mahindi yaliyofunga majani bado yatakusumbua, maana majani huficha maji yaliyo chini yake.