Maswali na majibu: Chapati inapogeuka gurudumu

Video zangu nimejaza mipito ya kuzunguka na kumulika, watu wanalalamika inaumiza macho. Mkato wa kulinganisha una tofauti gani?

Mpito wa efekti unaongezwa juu ya picha. Mkato wa kulinganisha uko ndani ya picha zenyewe: shoti ya kwanza inaishia na umbo au mwendo fulani, na ya pili inaanza na umbo au mwendo uleule, mahali palepale kwenye fremu. Jicho lilikuwa linatazama mviringo katikati, na baada ya mkato bado linatazama mviringo katikati. Halilazimiki kutafuta, kwa hiyo mtazamaji anavuka kutoka jikoni hadi barabarani bila kushtuka.

Sharti moja kabla ya yote: shoti hizo mbili ziwe na sababu ya kukutana. Katika majibu yanayofuata tutatumia mfano mmoja, video fupi ya mama anayekaanga chapati na kijana anayezisambaza kwa baiskeli. Chapati inayozungushwa kikaangoni inakuwa gurudumu linalozunguka. Chapati ikigeuka mwezi, utapata mviringo mzuri usio na maana yoyote.

Nipange vipi shoti hizo mbili kabla ya kurekodi?

Anza na shoti iliyo ngumu kurekebisha, halafu ya pili uifuate. Hapa ngumu ni gurudumu, maana huwezi kubadili ukubwa wake wala mahali uma wa mbele unapopita. Simamisha baiskeli mbele ya ukuta wa rangi nyepesi, ikielekea kulia, na msaidizi ainue usukani mpaka gurudumu la mbele liachane na ardhi kidogo. Kamera iwe kwenye stendi, kimo cha kitovu cha gurudumu, ikitazama ubavu moja kwa moja. Pima kwenye skrini: upana wa mviringo ulingane na urefu wake. Ukikuta umekuwa yai, kamera imekaa upande. Acha gurudumu lijaze kama asilimia 60 ya urefu wa fremu.

Toa picha tuli ya shoti hiyo, iweke kwenye simu nyingine, kisha nenda nayo jikoni. Sasa kamera inatazama chini, sambamba na kikaango. Tazama gurudumu lilivyo: duara jeusi la tairi nje, weupe wa ukuta ndani. Kikaango cheusi chenye chapati ndani yake kinatoa picha hiyohiyo, ila vipimo vikubaliane. Tairi la kawaida la inchi 26 lina unene wa takriban sentimita 4 kwa kipenyo cha 66 hivi, yaani karibu asilimia 6. Kwenye kikaango cha sentimita 30, hiyo ni kama sentimita 2 za weusi kuzunguka chapati. Kwa hiyo chapati isukumwe iwe pana, na kikaango kikae juu ya kitu cheupe ili nje ya duara pawe na mwanga kama ukutani.

Bado kuna mkono. Baiskeli ikielekea kulia, uma unatoka kwenye kitovu kwenda juu ukilalia kushoto. Mpishi asimame upande ambao mkono wake utaingia kwenye fremu kutoka juu kushoto, na mpini wa kikaango uelekee hukohuko. Mkono unachukua nafasi ya uma. Watazamaji wengi hawatalitambua hili, lakini ukiliacha wataona kuna kitu kimeruka.

Maumbo yangu yamelingana kabisa lakini mkato bado unaruka. Kwa nini?

Mara nyingi ni mwelekeo wa mwendo. Gurudumu la baiskeli inayokwenda kulia kwenye skrini huzunguka kufuata mshale wa saa, na la inayokwenda kushoto huzunguka kinyume. Mpishi akiizungusha chapati kinyume na gurudumu, usawa wa umbo hautakuokoa, kwa sababu jicho hushika mwendo kabla ya umbo. Kugeuza klipu kama kwenye kioo ni dawa, mradi hakuna maandishi, na ukumbuke kwamba mkono na uma navyo vitahama upande.

Kama mwelekeo uko sawa, angalia mwanga. Shoti yenye kiza ikifuatwa na yenye mwangaza mkali humulika kama efekti uliyoikimbia. Linganisha mwangaza wa sehemu ya katikati kwanza, rangi baadaye.

Nikate wakati gani hasa, mwendo ukianza au ukiisha?

Katikati ya mwendo. Chapati ikishasimama, nguvu ya kuvuka imekwisha, na gurudumu litaonekana limeanza upya. Mwambie mpishi aizungushe robo mzunguko kwa sekunde moja, bila kusita. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, mwendo wote una fremu 25. Kata karibu na ya 12, mwendo ukiwa umekolea. Gurudumu nalo lianze kuzungushwa mapema, ili shoti ya pili inapoingia tayari liko kwenye kasi ileile. Halafu ongeza au punguza fremu moja au mbili kila upande, na utazame kwa kasi ya kawaida. Ukitazama fremu moja moja utaridhika na mkato ambao ukichezwa haupiti.

Spoki zangu zinaonekana kurudi nyuma!

Gurudumu lina kasi kuliko kamera inavyoweza kulifuata. Lenye spoki 36 lina nafasi ya nyuzi 10 kati ya spoki moja na nyingine. Likisogea zaidi ya nyuzi 5 kati ya fremu na fremu, kila spoki inaonekana karibu zaidi na mahali ilipokuwa jirani yake wa mbele, na jicho linaamini limerudi. Kwa fremu 25, nyuzi 5 ni sawa na nyuzi 125 kwa sekunde. Robo mzunguko kwa sekunde, nyuzi 90, iko salama. Nusu mzunguko haiko. Unaweza pia kufunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja ili jicho lipate cha kufuata.

Nimesharekodi bila kupanga. Nifanye nini kwenye kuhariri?

Weka klipu ya pili juu ya ya kwanza kwenye taimlaini na ushushe `Opacity` yake hadi 50. Utaona duara mbili kwa pamoja. Sogeza kwa `Position` mpaka vitovu vikutane, kisha kuza kwa `Zoom` mpaka kingo zikutane. Duara lililojaza asilimia 50 ya fremu linafika 60 ukilikuza hadi asilimia 120. Ukimaliza, rudisha `Opacity` kuwa 100 na ukate.

Kama ulirekodi 4K na unatoa video ya 1080, unaweza kukuza hadi mara mbili bila picha kufifia. Kama ulirekodi 1080 ileile, ukivuka asilimia 120 hivi ulaini utaanza kuonekana, na shoti kali kufuatwa na laini ni mruko mwingine.  Umbo lililopigwa kiupande halirekebishiki vizuri kwa njia hii. Rudia kurekodi.

Sauti je?

Ingiza mlio wa mnyororo wa baiskeli fremu 6 hadi 10 kabla ya picha kukatwa, huku chapati bado inachacharika. Sauti zote mbili zikibadilika kwenye fremu ileile ya mkato, sikio litatangaza kile ambacho jicho lilikuwa tayari kukiacha kipite.