Denoising strength: ile namba haipimi asilimia ya picha, inapima ukubwa wa kitu kitakachobaki

> Wakuu, nina picha ya bibi yangu kasimama mlangoni kavaa kanga, nataka nimchapishie kwenye kanvasi iwe kama mchoro wa rangi ya mafuta. Denoising nikiweka 0.3 inabaki picha ileile, nikiweka 0.6 anatokea bibi mwingine kabisa. Namba sahihi ni ngapi?

Mkuu, kwa picha ya namna hiyo namba moja inayotosha picha nzima haipo, na nitakueleza kwa nini, maana mimi hili lilinigharimu. Mwaka juzi nilipewa kazi na familia moja ya Temeke, picha ya marehemu baba yao, nikaipitisha mara moja kwa 0.55, ikatoka nzuri kwelikweli, nikaipeleka Kariakoo ikachapwa. Mama mwenye nyumba akaitazama muda mrefu halafu akasema taratibu, "Mwanangu, huyu siyo yeye." Shati lilikuwa lake, kiti chake, hata namna alivyoegemea ilikuwa yake, lakini sura ilikuwa ya mzee mwingine. Nilirudia kazi yote bure, na tangu siku ile nikaanza kufuatilia kwa makini hiyo namba inafanya nini.

Iko hivi. Ukiweka picha kwenye `img2img` ya Stable Diffusion, ile sehemu ya kutengeneza picha mpya kutoka picha uliyonayo, modeli haiigusi picha yenyewe. Kwanza VAE, ile sehemu ya modeli inayofinya picha na kuikunjua tena mwishoni, inaifinya, kila kipande cha pikseli 8 kwa 8 kinakuwa seli moja, yaani picha ya 512 kwa 768 inabaki gridi ya seli 64 kwa 96. Halafu juu ya hiyo gridi zinamwagwa chenga, zilezile kama za tivii iliyokosa antena, na `Denoising strength` ndo inayosema zimwagwe kiasi gani. Baada ya hapo modeli inaanza kuzisafisha hatua kwa hatua huku ikifuata prompti yako, yaani maelezo uliyoiandikia, na pale ambapo chenga zimefunika kabisa haiwezi kujua kulikuwa na nini, kwa hiyo inabuni.

Watu wengi wanadhani 0.5 maana yake nusu picha nusu modeli. Sivyo. Kwa modeli za Stable Diffusion 1.5, ukipiga hesabu ya ratiba yake ya chenga, kwenye 0.3 picha yako inazidishwa kwa kama 0.77 na chenga kwa 0.64, kwa hiyo picha bado ina nguvu. Ukifika 0.5 picha ni kama 0.53 na chenga 0.85, yaani chenga zimeshashinda. Kwenye 0.75 picha imebaki 0.24 tu. Ndo maana unaona kati ya 0.3 na 0.6 kama umeruka mto, kwa sababu ni hapo katikati chenga zinapoizidi picha.

Sasa sehemu ambayo ndo jibu lako lenyewe. Chenga zinamwagwa kila seli kivyake, hii inang'aa, ile inafifia, bila mpangilio. Kitu kikubwa kilichotanda seli mia tano, kama ukuta au giza la mlango nyuma ya bibi, chenga zake zinafutana zenyewe, zingine juu zingine chini, kwa hiyo ukitazama kwa ujumla bado unaona pale ni peusi na pale ni peupe. Kitu kidogo kilichokaa kwenye seli moja au mbili kikipigwa na chenga ndo basi tena. Chukua hiyo kanga ya bibi. Mji wake na rangi ya pindo vinaonekana hata kwenye 0.6, maua ya mji yanabadilika umbo kuanzia kama 0.4, lakini jina la kanga, yale maneno ya chini, yanakufa mapema sana. Niliwahi kuona kanga iliyoandikwa MAMA NI MAMA ikatoka na alama zinazofanana na herufi ila hakuna anayeweza kuzisoma, na ilikuwa 0.3 tu. Tena herufi ndogo zinaharibika hata bila chenga yoyote, ile kufinywa kwa VAE peke yake inatosha. Ukitaka kuhakikisha, nenda ComfyUI, moja ya programu za kuendeshea modeli hizi, unganisha `VAE Encode` moja kwa moja na `VAE Decode`, utaona nini kimepotea kabla hata hujagusa strength.

Tuje kwenye uso. Bibi kasimama mzima kutoka kichwa hadi miguu kwenye picha ya 512 kwa 768, kutoka paji hadi kidevu atakuwa na kama pikseli 70. Gawa kwa 8, unapata seli tisa hivi. Jicho moja linaangukia kwenye seli moja na kidogo! Hapo 0.5 ikipita modeli inajua tu kwamba pale kuna uso wa mtu mzima mweusi anayetazama mbele, na inakuchorea uso wa mtu mzima yeyote iliyomzoea. Mikunjo ya pembeni ya macho, umbali wa pua na mdomo, lile jicho moja lililo dogo kuliko lingine, vyote hivyo ndo bibi yako na vyote ni vidogo kuliko seli mbili. Lakini ukikata uso peke yake ukaukuza ujaze pikseli 350, una seli kama 44 kutoka juu hadi chini, na 0.4 ileile ambayo mwanzo ilikuwa hatari sasa inamwacha bibi akiwa bibi.

Kwa hiyo mimi ningeifanya picha yako kwa mizunguko miwili. Kabla ya yote rekebisha picha yenyewe kwenye simu au programu ya GIMP, hasa mwanga. Picha za mlangoni hapa kwetu jua linakuwa kali nje na ndani giza, uso unaangukia kwenye kivuli, na hilo giza ni bonge la kitu, halitoki hata ukiandika jua la asubuhi kwenye prompti mara kumi, litabaki mpaka ufike namba za juu ambazo zitakuua uso. Vitu vikubwa, mwanga na rangi ya ukuta na mpangilio, virekebishe wewe kwa mkono, ni dakika tano.

Halafu mzunguko wa kwanza picha nzima. Usikisie namba, tumia `X/Y/Z plot` ya A1111, programu nyingine ya kuendeshea modeli, ukiwa umefunga `Seed`, ile namba inayoamua chenga zikae vipi, maana seed ikibadilika kila mara hutajua tofauti imeletwa na strength au na chenga mpya.

```
Seed: 1234
X type: Denoising
X values: 0.3-0.7 (+0.1)
```

Hapo unapata picha tano kwa mstari mmoja. Usoni usitazame kabisa kwa sasa, tazama ukuta, mlango, mikunjo ya kanga, unatafuta namba ya chini kabisa ambayo imeshaanza kuonekana ni mipigo ya brashi na siyo picha ya kamera. Kwa rangi ya mafuta mara nyingi naiona kwenye 0.55 au 0.6. Chini ya 0.4 unapata picha iliyopakwa kama mafuta ya mgando juu, siyo mchoro, kwa sababu brashi pana inahitaji kubadilisha vitu vya ukubwa wa kati na 0.3 haina ruhusa ya kuvigusa. Ndo hicho unacholalamikia.

Mzunguko wa pili, chukua uso halisi kutoka picha yako ya mwanzo, ubandike juu ya ile iliyotoka na 0.6. Utakaa karibu sawasawa maana mahali pa kichwa ni kitu kikubwa, hakihami sana, sogeza kidogo tu. Kisha nenda `Inpaint`, sehemu ya kuchora upya eneo moja tu la picha, paka mask, yaani alama ya eneo hilo, juu ya uso na kilemba, chagua `Only masked`. Hiyo `Only masked` ndo mchawi wa kazi yote, inakata eneo la mask, inalikuza hadi saizi uliyoweka, inafanya kazi pale kwenye seli nyingi, halafu inalirudisha mahali pake. Anza na 0.4, ukiona uso bado ni wa kamera nenda 0.45, ukiona macho yameanza kuwa ya mtu mwingine rudi 0.35. Ile `Only masked padding, pixels` iachie 32 au ongeza kidogo ili modeli ione shingo na bega, isije ikachora mwanga wa usoni usiolingana na mwili.

Jina la kanga usihangaike nalo kabisa, liandike upya kwa mkono mwishoni kwenye GIMP, hakuna strength itakayokusaidia pale.

Kitu cha kuangalia sana ni hatua. Kwenye A1111, kama hujagusa mipangilio, ukiweka `Sampling steps` 20 na strength 0.4 inafanya kama hatua 8 tu, haifanyi 20. Ukishuka 0.2 ni nne, na hapo picha inaweza kutoka na ukungu au chenga zilizobaki, mtu anadhani modeli ni mbovu. Ongeza steps hadi 40 au 50 unapotumia namba za chini. ComfyUI yenyewe ukiandika 20 inafanya 20 kamili hata denoise ikiwa 0.4, kwa hiyo ukihamisha mipangilio ya mtu kutoka huku kwenda kule usishangae matokeo hayafanani.

Na tafadhali usifanye ile wanayofanya wengi, kupitisha 0.3 mara tatu nne ukidhani ni salama. Kila mzunguko unaanza na matokeo ya mzunguko uliopita, picha halisi ya bibi haipo tena mezani, sura inahama kidogo kidogo bila wewe kuona na ngozi inakuwa laini kama plastiki kwa sababu VAE inakula mikunjo yake midogo kila inapopita. Kama umbo lenyewe linakataa kutulia kwenye 0.6, mfano mkono ulioshika mlango unageuka kila mara, hapo ndo weka ControlNet, kiongezi kinachoilazimisha modeli ifuate umbo la picha yako, ya lineart ishike mistari au ya depth ishike kilicho mbele na kilicho nyuma, halafu strength unaweza kupanda hadi 0.7 bila kupoteza pozi. Ila inashika umbo tu, uso bado utauhitaji mzunguko wa pili.

Kabla ya kupeleka kuchapa, weka ya mwanzo na ya mwisho kwenye dirisha moja ukubwa sawa, ubadilishe moja kwa nyingine haraka haraka ukiangalia macho na mstari kati ya pua na mdomo, kikiruka kitu utakiona. Halafu mwonyeshe mtu wa nyumbani, mama au shangazi, usimwambie chochote, muulize tu huyu nani. Akisita kabla ya kutaja jina, rudi kwenye mask ushuke 0.05.